Kulilalia Swali: Namna ya Kuuliza Kabla ya Kulala na Kulipima Jibu Linalokuja

Kilatini kilikuwa na kitenzi kimoja kwa kuku aliyelalia mayai na kwa mtu aliyelala hekaluni akingojea ndoto, na Kiswahili nacho kinatuwezesha kusema vivyo hivyo, kwamba mtu amelilalia swali lake. Huko Epidauro, katika Ugiriki ya kale, wagonjwa walilala katika jengo maalumu la hekalu la Asklepio wakitumaini kwamba mungu huyo wa tiba angewatokea usingizini, ama awaponye ama awaelekeze cha kufanya. Mwongozo huu unalichukua zoezi hilo bila hekalu lake. Mtu anachagua swali moja, analibeba hadi kitandani, anaandika alichokiota, kisha anaamua kwa akili ya mchana kama alichokipata kina thamani yoyote. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo ngumu kuliko zote, na ndiyo maana nitaipa nafasi kubwa kuliko namna ya kulala.

Kwanza, kiasi cha kutarajia

Mtafiti wa usingizi Uiliamu Dementi wa Chuo Kikuu cha Stanfodi, katika kitabu alichokitoa mwaka 1972, alieleza jaribio alilolifanya na wanafunzi 500. Kila mmoja alipewa fumbo, akalifikiria kwa dakika 15 kabla ya kulala, na zoezi hilo likarudiwa kwa usiku tatu kwa mafumbo tofauti. Kati ya majaribio 1,148 yaliyofanyika, ndoto 87 zilionekana kuligusa fumbo, na ni 7 tu zilizolifumbua. Anayeahidiwa jibu kila asubuhi na aikumbuke hesabu hiyo.

Hata hivyo, mafumbo hayo yalikuwa ya mtafiti, hayakuwa ya wanafunzi. Mwaka 1993 mwanasaikolojia Deidre Bareti wa Havadi aliwaacha wanafunzi 76 wajichagulie tatizo lao wenyewe, kisha wakalilalia kwa muda wa wiki moja. Safari hii takriban nusu yao walikumbuka ndoto iliyohusiana na tatizo, na takriban robo walipata kitu ambacho hata wasomaji wengine, waliopewa ndoto hizo kuzipima, walikubali kuwa ni suluhisho. Matatizo ya maisha ya mwotaji mwenyewe yalipata suluhisho kwa urahisi zaidi kuliko yale ya masomo. Tofauti baina ya majaribio haya mawili inatufunza kwamba kichwa hakiliatamii yai la jirani kwa moyo uleule, na kwamba hata kwa yai lake mwenyewe, usiku mtupu ni mwingi kuliko usiku wa jibu.

Wiki ya kuandika bila kuuliza

Watu wengi huanza kwa kuuliza swali usiku uleule waliposikia habari za zoezi hili, na hapo ndipo wanapoharibu kipimo chao. Kwa wiki moja, au angalau kwa asubuhi tano, andika ndoto zako bila kuuliza lolote. Weka daftari na kalamu mahali ambapo mkono utavifikia bila kuinuka, na uandike chochote ulichoamka nacho, hata kama ni picha moja au hisia isiyo na kisa.

Faida ya wiki hii ni mbili. Ya kwanza ni kwamba kukumbuka ndoto huongezeka kwa mazoezi, na mtu asiyekumbuka lolote hana haja ya kuuliza. Ya pili, ambayo ni kubwa zaidi, ni kwamba utayajua mazoea ya ndoto zako. Kama katika asubuhi tano umeota mara tatu kwamba umechelewa kwenye mtihani, basi mtihani utakaouota baada ya kuuliza swali hautakuwa jibu la swali hilo, bali ni mgeni wako wa kila siku.

Kulichagua na kuliunda swali

Ndoto hujengwa kwa yale ambayo kichwa tayari kinayo: kumbukumbu, hofu, sura, mahali, na mambo madogo ya jana na juzi ambayo hukuyapa uzito. Kwa hiyo swali linalofaa ni lile ambalo viungo vya jibu lake tayari vimo ndani yako lakini hujavipanga. Mambo yanayoonekana kwa jicho, kama mpangilio wa chumba au umbo la kitu unachokibuni, yanafaa, kwa kuwa ndoto husema kwa picha. Yanafaa pia maswali yanayohusu msimamo wako mwenyewe katika jambo fulani.

Maswali yasiyofaa ni yale yanayotafuta habari ambayo hujaipata popote. Ndoto haiwezi kukuambia nani aliyeiba, kama uvimbe ni wa hatari, au kama biashara itapata faida mwakani. Ataota, bila shaka, anayeuliza mambo hayo, na pengine ataiona sura ya mtu. Lakini sura hiyo itatoka katika shaka aliyolala nayo, na kesho yake ataitumia kama ushahidi dhidi ya mtu asiye na kosa. Hapo madhara huwa ya kweli ingawa ndoto si ya kweli.

Tuchukue mfano, tuufuate hadi mwisho. Mwalimu mmoja wa hisabati amepewa nafasi ya kuwa mkuu wa idara yake, na ana siku kumi za kujibu. Mshahara utapanda, wenzake wanamtaka, naye hajui kwa nini kila akitaka kuandika barua ya kukubali anaiacha. Swali lake la kwanza ni hili: “Je, nikubali?” Swali hilo ni baya kwa namna mbili. Linadai ndiyo au hapana, na picha za ndoto hazisemi ndiyo wala hapana, hivyo chochote atakachokiota ataweza kukivuta upande anaoutaka. Tena linamwachia usingizi uamuzi ambao ni wake. Anapoligeuza likawa “Ni nini kinachonizuia kukubali?”, linakuwa swali ambalo jibu lake limo ndani yake, na ambalo picha inaweza kulijibu.

Swali liwe sentensi moja, fupi, inayosemeka kwa pumzi moja, isiyo na “au” ndani yake. Ukiona haliingii katika sentensi moja, una maswali mawili; chukua lile linalokusumbua zaidi.

Jioni yenyewe

Mapema jioni, si kitandani, keti kwa dakika kumi au kumi na tano uandike yote unayoyajua kuhusu jambo lako: ulichokwisha kukijaribu, kinachokukwamisha, unachokihisi. Huu ndio wakati wa kuhangaika nalo. Anayeyafanya haya akiwa amelala chali gizani hugeuza zoezi kuwa kukosa usingizi, na asiyelala haoti.

Ukipanda kitandani, andika swali juu ya ukurasa mtupu wa daftari, pamoja na tarehe. Kama lina kitu cha kuonekana, kitazame au kichore. Mwalimu wetu alijichorea mlango wa ofisi ya mkuu wa idara. Zima taa, lione jambo lako kama picha, ulirudie swali polepole mara chache, kisha jiambie kwamba utaiota hali hiyo na kwamba utakumbuka. Ukisinzia huku swali bado liko mdomoni, ndivyo inavyotakiwa. Ukiona linakuchangamsha badala ya kukulaza, liache palepale, umekwisha kulipanda.

Pombe huiharibu kazi hii kuliko kitu kingine chochote cha jioni, kwa sababu katika nusu ya kwanza ya usiku huupunguza ule usingizi ambao macho hutembea mbio chini ya kope, na ndio unaozaa ndoto ndefu zenye visa. Usingizi wa namna hiyo huja kwa mizunguko ya takriban dakika 90, na kila asubuhi inavyokaribia ndivyo vipindi vyake vinavyorefuka. Maana yake kwa mtendaji ni rahisi: ndoto utakayoikumbuka yaelekea kuwa ya saa mbili za mwisho, na anayekata usingizi wake mapema amekata sehemu hasa aliyoihitaji. Fanya zoezi hili siku ambazo huna haja ya kuamshwa na kengele, au lala mapema zaidi.

Kuamka na kuandika

Ukifumbua macho, usijigeuze. Mwendo wa mwili na wazo la kwanza la kazi za siku huifuta ndoto upesi sana. Baki ulivyo, fumba tena macho, jiulize ulikuwa wapi, ulikuwa na nani, ulihisi nini, kisha urudi nyuma kutoka tukio la mwisho kwenda la kwanza. Ndipo uandike, kwa wakati uliopo, bila kupamba wala kuunganisha vipande visivyoungana. Hisia iandikwe pamoja na picha, kwa kuwa picha moja inaweza kuwa ya furaha usiku mmoja na ya kutisha usiku mwingine.

Andika kwa mwandiko unaosomeka. Mwanafamakolojia Oto Lewi aliota usiku mmoja mwanzoni mwa miaka ya 1920 namna ya kuthibitisha kwamba neva hupeleka ujumbe wake kwa kemikali, akaamka, akaandika maneno machache kwenye kipande cha karatasi, akalala tena. Asubuhi hakuweza kuusoma mwandiko wake. Bahati ilimrudia usiku uliofuata, kiasi cha saa tisa, na safari hiyo hakungoja asubuhi; alikwenda moja kwa moja maabara na kulifanya jaribio lake juu ya mioyo miwili ya vyura. Mwaka 1936 alishiriki Tuzo ya Nobeli kwa kazi hiyo. Wanaosimulia kisa hiki kwa shauku huruka jambo moja: wazo la kemikali Lewi alikuwa amelifikiria tangu miaka 17 kabla ya ndoto ile. Usingizi haukumpa elimu ya neva. Ulimpa mpango wa jaribio, na aliyeupokea alikuwa mtu mwenye maabara na mikono iliyojua kazi.

Usiku wa kwanza mwalimu wetu hakukumbuka kitu, akaandika “hakuna”, jambo ambalo ni sahihi kuliandika. Usiku wa pili aliota anatafuta viatu, ndoto ambayo tayari ilikuwa imeonekana katika wiki yake ya maandalizi. Usiku wa tatu, usiku wa nne, vipande tu. Usiku wa tano aliota yuko kwenye ujia mrefu, ameshika funguo nyingi, anafungua na kufunga milango ya madarasa. Ndani ya kila darasa kuna mtu anayefundisha, naye haruhusiwi kuketi. Katika darasa la mwisho ubaoni pana hesabu aliyoianza yeye, na mtu mwingine anaimalizia vibaya. Aliamka na hisia ambayo aliiandika kwa neno moja: wivu.

Usiku tano si mwingi. Watafiti wameona kwamba mambo ya mchana hujitokeza zaidi katika ndoto za usiku mmoja au mbili zinazofuata, kisha hupungua, na huibuka tena baada ya siku tano hadi saba. Kwa hiyo nashauri swali moja lipewe wiki nzima kabla ya kuachwa, na lisibadilishwe kila jioni kwa sababu jana halikuzaa.

Kuisoma ndoto bila kujidanganya

Kati ya ndoto za wanafunzi wa Dementi, kuna moja ambayo kila anayefanya zoezi hili angepaswa kuijua. Fumbo lilikuwa hili: herufi H, I, J, K, L, M, N, O zinawakilisha neno gani moja? Jibu ni maji, kwa sababu kwa Kiingereza maneno ya kusema “H hadi O” hutamkwa sawasawa na H2O. Mwanafunzi mmoja aliota mara kadhaa usiku ule: anawinda papa, anakutana na samaki mkali akiwa anapiga mbizi, mvua kubwa inanyesha, anasafiri kwa tanga dhidi ya upepo. Alipoulizwa asubuhi, alisema kwamba jibu ni “alfabeti”.

Maji yalijaa usiku wake mzima naye hakuyaona. Lakini kisa hiki kina upande wa pili, ambao wanaokisimulia hawapendi kuutaja. Sisi tunayaona maji kwa sababu tumekwisha kuambiwa jibu. Laiti jibu lingekuwa upepo, tungelishika lile tanga. Laiti lingekuwa hatari, tungewashika papa. Ndoto ina vitu vingi kiasi kwamba kwa karibu kila jibu kuna kitu cha kulishikia, na huu ndio mtego unaowanasa watu wengi zaidi katika kazi hii.

Njia ya kujikinga ni kuyafanya mambo kwa mpangilio. Kwanza soma ndoto uliyoiandika bila kulitazama swali, na uweke alama kwenye kitu kimoja au viwili vilivyojirudia au vilivyokuwa na hisia kali. Kwa kila kimoja, jiulize kina maana gani kwako, si katika vitabu vya tafsiri za ndoto, ambavyo humpa kila mtu nyoka yuleyule. Baada ya hapo ndipo urudi kwenye swali. Kama unaweza, fanya na jaribio la rafiki: mpe ndoto nne zako zisizo na tarehe, tatu zikiwa za wiki ya maandalizi na moja ya baada ya kuuliza, umwonyeshe swali, na umwombe achague inayolijibu. Akikosea, si hukumu ya mwisho, kwa kuwa huenda hajui historia yako. Lakini shauku yako inapaswa kupoa kidogo. Hata akipatia, kumbuka kwamba angeweza kupatia kwa kubahatisha mara moja katika nne.

Mwalimu wetu aliziwekea alama funguo na hesabu iliyomalizwa na mtu mwingine. Funguo kwake zilikuwa za mtumishi wa shule aliyosomea utotoni, mtu aliyeheshimiwa na wote lakini ambaye hakuna mwanafunzi aliyewahi kumwuliza swali. Hapo aliposoma swali lake upya, aliandika chini yake: “Naogopa kuacha kufundisha.” Sentensi hiyo haikuwa imo katika ndoto, ameitoa yeye. Ndivyo jibu la ndoto linavyokuwa mara nyingi, dhana inayosubiri kupimwa.

Kuipima dhana mchana

Dhana ya mwalimu ilikuwa na sehemu mbili, na kila moja ilipimwa kwa namna yake. Sehemu ya kwanza ilihusu moyo wake: je, ni kweli anaogopa hilo? Aliitafuta katika maandishi yake ya jioni ya kwanza, akakuta ameandika juu ya mshahara, wenzake na safari za mikutano, na hakuandika hata neno moja kuhusu wanafunzi. Ukimya huo ulimpa sababu ya kuiamini dhana, ingawa si uthibitisho kamili. Sehemu ya pili ilihusu jambo la nje: je, mkuu wa idara huacha kufundisha? Hilo halijibiwi na ndoto wala na moyo. Alimwuliza mkuu wa shule, akaambiwa kwamba vipindi hupunguzwa lakini havifutwi, na kwamba anaweza kuomba abaki na darasa moja la mwaka wa mwisho. Barua aliyoiandika siku ya tisa ilikuwa ya kukubali kwa sharti hilo.

Tuseme angekuwa ameichukua ndoto kama amri. Angesema kwamba ameonywa, na angekataa cheo kwa sababu ya jambo ambalo halikuwa kweli. Ndoto ileile, iliyosomwa kama dhana, ilimpeleka kuuliza swali ambalo asingeliuliza.

Kuna dhana zisizopimika, na hizo nazichukulia kwa uzito mdogo. Ndoto ikikuambia kwamba fulani anakuchukia, na huna namna ya kulichunguza bila kumdhuru, iandike na uiache daftarini.

Wakati wa kuacha

Zipo dalili kwamba zoezi limegeuka. Moja ni kuanza kuamka mara nyingi usiku kukagua kama umeota, au kukaa macho ukilinda swali. Nyingine ni kushindwa kufanya uamuzi mdogo bila kwanza kuulalia. Ya tatu, ambayo ni nyepesi kufichika, ni kuuliza swali lilelile wiki baada ya wiki hadi ije ndoto inayosema ulichotaka tangu mwanzo. Katika hali zote hizo funga daftari kwa wiki kadhaa.

Anayesumbuliwa na majinamizi yanayotokana na tukio la kuumiza asilipeleke tukio hilo kitandani peke yake, kwa kuwa kuliita kabla ya kulala kunaweza kulileta kwa ukali. Kuna tiba za majinamizi ambazo humwelekeza mgonjwa aibadilishe hadithi ya ndoto akiwa macho, mchana, na hizo zinafanywa vizuri zaidi akiwa na mtaalamu wa afya ya akili.

Kwa wengine wote, wiki moja ya swali moja yatosha kwa mwezi. Baada ya hapo rudi kwenye kuandika bila kuuliza, na mara kwa mara fungua kurasa za wiki iliyopita zilizoandikwa “hakuna”, uzihesabu pamoja na zile zilizojaa.